Aliyekosa Zabuni Anadaiwa Sababu

Fikiria ukumbi mdogo wa serikali ya kaunti katika pwani ya Kenya, saa tano asubuhi, tarehe 4 Machi. Sanduku la zabuni limeletwa mezani, limefunguliwa mbele ya watu, na afisa anasoma kwa sauti jina la kila mzabuni na bei yake. Kaunti inataka madawati 1,200 ya shule za chekechea na vyuo vya ufundi. Waliojitokeza ni wanne. Wa kwanza, mama mwenye karakana ya useremala, ameandika shilingi 9,480,000, yaani 7,900 kwa dawati moja. Wa pili 9,720,000. Wa tatu 10,320,000. Wa nne 9,960,000.

Mfano huu ni wa kutunga, lakini yaliyomo ndiyo yanayotokea kila wiki. Mama wa karakana anatoka ukumbini akiwa ameshapiga hesabu kichwani. Yeye ndiye mwenye bei ya chini. Anampigia mwanawe simu amwambie aulizie bei ya mbao. Wiki saba baadaye anapokea barua yenye mstari mmoja wa maana: zabuni yake haikufaulu kwa sababu "haikukidhi masharti ya hati ya zabuni". Baadaye anasikia mtaani kwamba kazi imekwenda kwa mzabuni wa nne, ambaye bei yake imezidi ya kwake kwa shilingi 480,000.

Wewe ungewaza nini? Mama huyu anawaza hivyo hivyo. Na kinachosikitisha ni kwamba huenda kaunti haikufanya kosa lolote katika kuchagua mshindi. Huenda kosa lake lote limo katika mstari ule mmoja.

Nimewahi kukaa upande wa wanaoziandika barua hizi. Ya kwanza niliyoiandika ilikuwa na maneno yale yale, "haikukidhi masharti", kwa sababu ndivyo nilivyoyakuta kwenye faili la mtangulizi wangu. Siku tatu baadaye mzabuni alikuja ofisini akiwa amebeba nakala ya zabuni yake, kurasa zaidi ya 200, akaiweka mezani na kuniuliza kwa upole: "Afisa, lipi kati ya haya?" Sikuwa na jibu la haraka. Ilinibidi nikaitafute ripoti ya tathmini. Tangu siku hiyo nimeiona barua ya aliyekosa kuwa karatasi nzito kuliko ya aliyepata, kwa kuwa aliyepata ataonyeshwa mkataba, ratiba na eneo la kazi, na aliyekosa hana kingine cha kuonyeshwa ila barua hiyo.

Sheria inasema nini

Nchini Kenya barua hii haitolewi kwa hisani. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015, kifungu cha 87, inamtaka afisa masuuli, yaani mkuu anayewajibika kwa fedha za taasisi, amwarifu mshindi kwa maandishi kabla uhai wa zabuni haujakwisha. Anapofanya hivyo, lazima awaarifu pia wote waliokosa, awatajie mshindi na awape sababu. Kanuni za mwaka 2020 zikaongeza ufafanuzi katika kanuni ya 82: barua za waliokosa zitoke wakati mmoja na ya mshindi, ziseme sababu ya kila mmoja kuondolewa, zitaje jina la mshindi, bei yake, na kwa nini yeye ndiye aliyefaulu.

Nyuma ya hayo kuna Katiba ya mwaka 2010. Ibara ya 227 inataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa wazi na wa ushindani. Ibara ya 47 inampa mtu ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa kiofisi haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kwa hiyo mama wa karakana anapouliza "lipi?", haombi msaada. Anadai kilicho chake.

Ukiyaweka masharti hayo pamoja, barua inayofaa ina mambo machache tu: kwamba zabuni yako haikufaulu, sababu inayokuhusu wewe, jina la mshindi na bei yake, sababu ya ushindi wake, tarehe ambayo mkataba hautatiwa saini kabla yake, na njia ya kuomba maelezo au kulalamika. Yote yanatosha ukurasa mmoja na nusu. Penye ugumu ni pale kwenye sababu inayokuhusu wewe.

Sababu hutofautiana kwa hatua ulipoangukia

Ili kuielewa sababu, lazima ujue zabuni inavyopita mikononi mwa kamati ya tathmini. Kuna milango mitatu. Wa kwanza ni uchunguzi wa awali, ambapo kamati inaangalia masharti ya lazima: je, cheti cha ushuru kipo, dhamana ya zabuni ipo na ni sahihi, fomu zimetiwa saini, kurasa zimewekwa nambari? Hapa hakuna alama. Ni ndiyo au hapana, na hapana moja inatosha kukutoa. Mlango wa pili ni wa ufundi, ambapo mara nyingi hutolewa alama na kuwekwa kiwango cha kuvuka. Wa tatu ni wa bei, na wanaoufikia ni wale tu waliovuka miwili ya kwanza.

Watu wengi wanaokasirikia matokeo hawajaambiwa jambo hilo la mwisho. Bei yako ilisomwa kwa sauti siku ya kufungua, ukaisikia, wakaisikia wengine, lakini haikushindanishwa na ya mtu mpaka ulipovuka milango ile miwili. Sheria inaposema mshindi ni mwenye bei ya chini, inakusudia bei ya chini miongoni mwa zilizofika kwenye mlango wa tatu.

Turudi kwenye madawati yetu. Wazabuni watatu waliokosa waliangukia milango mitatu tofauti, na kila mmoja anastahili barua ya sura yake.

Mzabuni wa tatu ndiye rahisi. Alivuka kila kitu, na bei yake ilikuwa 10,320,000 dhidi ya 9,960,000 ya mshindi. Barua yake inahitaji sentensi moja: zabuni yako ilikidhi masharti ya lazima na ya ufundi, ila bei yake ilizidi ya mshindi kwa shilingi 360,000. Akiisoma anajua kwamba karatasi zake ziko sawa. Wakati mwingine ashughulikie gharama.

Mzabuni wa pili alianguka kwenye ufundi. Kiwango cha kuvuka kilikuwa alama 75 na yeye alipata 68. Ofisi nyingi zingemwandikia hivyo tu na kufunga bahasha. Lakini 68 haimfundishi kitu. Sababu yenyewe iko ndani ya alama: uzoefu ulikuwa na alama 30, kumi kwa kila kazi ya namna hiyo iliyothibitishwa kwa mkataba pamoja na barua ya mteja kwamba kazi ilikamilika. Alileta mikataba mitatu na barua moja tu ya kukamilisha. Akapata 10 kati ya 30, na 58 kati ya 70 zilizobaki. Angeleta barua ya pili angefika 78 na kuvuka, na kwa bei yake ya 9,720,000 angekuwa chini ya aliyeshinda. Huyu alikosa kazi kwa karatasi moja ambayo pengine iko kwenye kabati la mteja wake wa zamani. Barua isiyomwambia hivyo itamwacha aende kuangukia pale pale katika zabuni nyingine.

Barua ya mama wa karakana

Yeye aliangukia mlango wa kwanza. Hati ya zabuni ilisema zabuni zitadumu siku 120 tangu kufunguliwa, na kwamba dhamana ya zabuni ya shilingi 150,000 idumu siku 30 zaidi ya hapo. Jumla siku 150. Kutoka tarehe 4 Machi, siku 120 zinafika tarehe 2 Julai, na siku 150 zinafika tarehe 1 Agosti. Dhamana aliyoileta kutoka benki inakoma tarehe 2 Julai.

Siku hizo 30 hazikuwekwa kwa kusumbua watu. Dhamana ni ahadi ya benki kwamba mzabuni akipewa kazi kisha akaikimbia, taasisi italipwa. Iwapo dhamana itakufa siku ile ile uhai wa zabuni unapokwisha, na mshindi akakataa kutia saini siku ya mwisho, taasisi haitakuwa na muda wa kuidai benki. Siku 30 ndizo nafasi ya kudai.

Sasa linganisha barua aliyopelekewa, "haikukidhi masharti ya hati ya zabuni", na hii. Kwa kawaida barua hizi huandikwa kwa Kiingereza. Naiweka hapa kwa lugha yetu ili tuione vizuri.

*Tunakuarifu kwamba zabuni yako ya shilingi 9,480,000 ya kutengeneza na kuwasilisha madawati 1,200 haikufaulu.*

*Zabuni yako iliondolewa katika uchunguzi wa awali. Sharti la lazima namba 6, ukurasa wa 31 wa hati ya zabuni, lilitaka dhamana ya shilingi 150,000 itakayodumu siku 150 tangu kufunguliwa kwa zabuni, yaani hadi tarehe 1 Agosti. Dhamana uliyoambatisha, ukurasa wa 14 wa zabuni yako, inakoma tarehe 2 Julai. Kwa kuwa sharti hili ni la lazima, zabuni yako haikuendelea kwenye tathmini ya ufundi wala ya bei.*

*Aliyefaulu ni mzabuni namba 4, aliyetajwa kwa jina na anwani hapa chini, kwa bei ya shilingi 9,960,000. Zabuni yake ilikuwa na bei ya chini kuliko zote zilizokidhi masharti ya lazima na kuvuka kiwango cha ufundi.*

*Mkataba hautatiwa saini kabla ya siku 14 kupita tangu kutolewa kwa taarifa hii. Ukitaka maelezo zaidi kuhusu zabuni yako, tuandikie ukitaja mambo unayotaka kufafanuliwa, nasi tutakupa maelezo hayo ndani ya siku tano tangu kupokea ombi lako. Una haki pia ya kuomba uamuzi huu upitiwe na Bodi ya Mapitio ya Ununuzi wa Umma ndani ya siku 14.*

Tazama aya ya pili ilivyojengwa. Kwanza inataja kilichotakiwa, na mahali kilipoandikwa. Kisha inataja kilichokutwa, na mahali kilipokutwa. Mwisho inasema tofauti kati ya hivyo viwili ilileta matokeo gani. Vipande vitatu. Kikikosekana kimoja, msomaji hawezi kuhakikisha lolote. "Dhamana yako haikuwa sahihi" ni kipande cha mwisho pekee. Mama angebaki akijiuliza kama tatizo ni kiasi, ni benki, au ni muhuri.

Nambari za kurasa nazo zina kazi. Sheria ya Kenya inawataka wazabuni waweke nambari mfululizo kwenye kila ukurasa wa zabuni zao, na wengi huliona sharti hilo kama usumbufu. Lakini ndilo linaloiwezesha ofisi kusema "ukurasa wa 14" badala ya "kwenye zabuni yako", na linamwezesha mzabuni naye kujibu kwa ukurasa.

Siku kumi na nne zilitoka wapi

Huenda umejiuliza kwa nini mkataba usubiri. Mshindi ameshajulikana, shule zinangoja madawati. Siku 14 za nini?

Jibu moja la swali hili lilipatikana mbali, nchini Austria. Mwaka 1996 wizara moja ya huko ilitangaza zabuni ya mfumo wa kielektroniki wa kupeleka data kiotomatiki kwenye barabara kuu. Tarehe 5 Septemba kazi ikapewa kampuni moja, na mkataba ukatiwa saini siku hiyo hiyo. Wengine waliokuwa wameshindania, kampuni ya Alcatel ikiwa mmojawapo, walipata habari kupitia magazeti siku chache baadaye. Walipolalamika, waliambiwa mkataba umeshafungwa na hauwezi kufutwa. Kilichobaki ni kudai fidia. Kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Ulaya, nayo mwaka 1999 ikaamua kwamba uamuzi wa kumpa mtu zabuni lazima uweze kupingwa kabla ya mkataba kutiwa saini. Haki ya kulalamika inayokuja baada ya mlango kufungwa haifai kitu. Kutoka hapo Ulaya ikaweka kipindi cha kusubiri, na Benki ya Dunia nayo inataka siku kumi za kazi katika miradi mingi inayoigharimia.

Kenya ilichagua siku 14, nazo zimewekwa mara mbili katika sheria ile ile. Kifungu cha 135 kinazuia mkataba kutiwa saini kabla ya siku 14 tangu taarifa kutolewa. Kifungu cha 167 kinampa mzabuni aliyeumia siku 14 za kupeleka ombi kwenye Bodi. Vifungu hivyo viwili ni kama kufuli na ufunguo wake: ofisi imefungwa mikono kwa muda ule ule ambao mlalamikaji anao wa kusema.

Kuna jambo la kumkumbusha hata mshindi hapa. Kifungu cha 87 kinasema wazi kwamba barua ya kukubaliwa si mkataba. Wapo wanaokwenda kukopa na kununua mbao siku ya barua. Siku ya kumi, mzabuni mwingine anapeleka malalamiko, kazi inasimama, na mbao zinaota kuvu kwenye ghala la kukodi.

Mama anafanyaje na barua yake

Tuseme barua nzuri imemfikia tarehe 20 Aprili. Siku ya kupokea haihesabiwi. Siku ya kwanza ni tarehe 21, na ya kumi na nne ni tarehe 4 Mei. Sikukuu ya Mei Mosi iliyo katikati inahesabiwa kama siku nyingine. Jambo la kwanza analopaswa kufanya ni kuitunza ithibati ya siku aliyoipata: bahasha yenye muhuri, au baruapepe yenye tarehe. Zipo barua zilizoandikwa tarehe moja na kutumwa siku tisa baadaye, na asiye na ithibati anaweza kuambiwa muda wake umekwisha.

Jambo la pili ni kufungua kurasa mbili, ule wa 31 wa hati ya zabuni na ule wa 14 wa zabuni yake, na kuziweka sambamba. Baada ya hapo atajikuta kwenye mojawapo ya njia tatu.

Akikuta dhamana yake inafika tarehe 1 Agosti na ofisi imesoma vibaya, ana hoja nzito, na karatasi yenyewe ndiyo shahidi wake. Akikuta ofisi imesoma sawasawa, atakuwa amejua ukweli mchungu siku ya kwanza badala ya kulipa ada za Bodi na wakili ili auambiwe baada ya wiki kadhaa. Njia ya tatu ni ngumu zaidi: kosa ni la kweli, lakini ana wasiwasi kwamba mshindi naye alikuwa na kosa kama hilo akasamehewa. Hili hawezi kulijua kwa kuisoma barua yake. Ndipo anapohitaji kikao cha maelezo.

Kikao cha maelezo ni cha nini

Hati za kawaida za zabuni nchini Kenya zinampa aliyekosa nafasi ya kuandika na kuomba maelezo kuhusu mambo mahususi ya zabuni yake, na zinaitaka taasisi iyatoe ndani ya siku tano tangu kupokea ombi. Maelezo yanaweza kutolewa kwa maandishi au ana kwa ana. Nauli ya kwenda kwenye kikao ni ya mzabuni mwenyewe.

Neno la kuzingatia ni "mahususi". Anayeandika "naomba maelezo kwa nini nimekosa" atarudishiwa barua ile ile kwa maneno mengine. Mama wa karakana afadhali aulize hivi: Je, siku 150 zilihesabiwa kuanzia tarehe gani? Je, sharti namba 6 lilitumika vile vile kwa wazabuni wote wanne? Je, kulikuwa na kasoro nyingine katika zabuni yangu, au dhamana ndiyo pekee?

Swali la kwanza na la pili yana majibu ya moja kwa moja. Ofisi inaweza kumwambia kwamba dhamana za wote zilipimwa kwa tarehe ile ile ya 1 Agosti na kwamba waliovuka walitimiza. Haiwezi kumpa nakala ya zabuni ya mshindi aisome, kwa kuwa kifungu cha 67 kinalinda yaliyomo ndani ya zabuni za watu: namna walivyopanga gharama, wauzaji wao, mbinu zao. Lakini ulinzi huo usigeuzwe pazia la kufichia kila kitu. Jina la mshindi, bei yake, na hatua alizovuka si siri. Sheria yenyewe imeamuru vitajwe.

Swali la tatu lina mpaka ambao afisa mkweli atausema. Kwa kuwa aliondolewa mlango wa kwanza, ufundi wake haukupimwa. Hakuna alama zake zilizofichwa kwenye droo. Afisa anaweza kumwambia kama uchunguzi wa awali uliona kasoro nyingine. Hawezi kumwambia "ungeshinda", na akisema hivyo atakuwa ametunga.

Katika vikao vya namna hii ndipo kosa hupatikana lilikoanzia. Mama alikwenda benki yake, na karani akamuuliza, "Mama, hiyo zabuni inadumu siku ngapi?" Akajibu kwa haki kabisa, "Siku 120." Karani akaandika 120. Hakuna aliyesema uongo. Ila swali lililotakiwa lilikuwa "dhamana idumu siku ngapi", na jibu lake lilikuwa limelala kwenye ukurasa wa 31. Hati ya zabuni huwa na fomu yake ya dhamana. Angempelekea karani fomu hiyo, akiwa ameandika tarehe ya kukoma kwa kalamu, benki isingekuwa na haja ya kuuliza. Fomu hiyo ingemgharimu nakala moja tu ya shilingi chache, kwenye kazi ya shilingi milioni tisa na ushei.

Nawaonya wote wanaoomba vikao hivi kuhusu mtego mmoja. Kuomba maelezo hakusimamishi saa. Siku 14 za kwenda kwenye Bodi zimewekwa na sheria, na zinaendelea kukatika huku ukisubiri jibu la ofisi. Mama akikaa siku saba akitafakari, kisha akaomba maelezo na ofisi ikatumia siku zake tano, atabaki na siku mbili za kuandaa malalamiko. Aombe siku ya kwanza au ya pili.

Kikao chenyewe nacho si mahali pa kubembeleza matokeo yabadilike. Anayetoa maelezo hana mamlaka ya kufungua tathmini upya, na akiahidi hivyo faraghani, hapo pana jambo la kuogopa. Mwenye uwezo wa kufuta uamuzi ni Bodi, nayo imepewa siku 21 za kutoa uamuzi wake.

Ofisi zinakosea wapi

Maafisa wengi huandika kwa ufupi kwa sababu ya hofu. Wanadhani kila neno watakaloandika litakuwa silaha mkononi mwa wakili. Naijua hofu hiyo. Lakini mtu aliyenyimwa sababu huenda kwenye Bodi ili aitafute huko. Na akifika, kukosekana kwa sababu kwenyewe kunakuwa hoja ya kwanza. Bodi imeshafuta barua za aina hii mara nyingi na kuamuru afisa masuuli aziandike upya, zenye sababu. Piga hesabu: siku 21 za shauri, kisha barua mpya, kisha siku nyingine 14 za kusubiri. Madawati ya muhula wa pili yanaingia wa tatu, na mshindi ni yule yule.

Dalili za barua mbovu zinaonekana bila kuwa mwanasheria. Ya kwanza ni barua zenye maneno sawa kwa waliokosa wote. Watu watatu hawaangukii mlango mmoja kwa sababu moja kila mara. Ya pili ni barua inayomtaja mshindi bila bei, au bei bila kusema kwa nini alishinda. Ya tatu ni barua isiyo na saini ya afisa masuuli. Na mbaya kuliko zote ni ile yenye sababu ambayo haimo katika ripoti ya tathmini. Hiyo hutokea pale karani anapoulizwa baada ya siku nyingi, "huyu tulimtoa kwa nini?", naye akatafuta kasoro yoyote kwenye faili. Inaweza kuwa kasoro ya kweli, lakini kama kamati haikumtoa kwa hiyo, si sababu. Kinga ni rahisi: sentensi ya sababu iandikwe na kamati siku ya tathmini, na barua iinakili.

Majirani wetu wa Tanzania wameipanga hatua hii kwa njia nyingine inayofaa kutazamwa. Huko wazabuni hupewa kwanza notisi ya nia ya kutoa tuzo, kabla tuzo yenyewe haijatolewa, na siku hizi huwafikia kupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST. Asiyeridhika huanza kwa kumlalamikia afisa masuuli mwenyewe, na asiporidhika tena hupeleka rufaa kwenye Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma. Faida yake ni kwamba ofisi hupata nafasi ya kurekebisha kosa lake yenyewe. Lakini hata huko kila kitu kinasimama juu ya maelezo aliyopewa aliyekosa. Huwezi kulalamikia sababu usiyoijua.

Ninapofundisha vijana wanaoanza kazi hii huwapa jaribio moja. Chukua barua uliyoiandika, hati ya zabuni, na zabuni ya mtu huyo. Mpe mwenzako wa idara nyingine ambaye hakuwepo kwenye kamati na hajui lolote kuhusu madawati. Toka chumbani. Ukirudi ukamkuta ameufungua ukurasa wa 31 kushoto na ukurasa wa 14 kulia, na kidole chake kiko juu ya tarehe 2 Julai, barua hiyo iko tayari kutumwa.